Saa za Kitengela, Kilomita za Entarara

Kitengela, kwenye studio moja kando ya barabara ya Namanga, bei za harusi zimebandikwa ukutani na kila mteja anazisoma kabla ya kuketi. Kifurushi cha kawaida ni shilingi 35,000: mpiga picha na msaidizi wake kwa saa nane, picha zilizohaririwa, na albamu moja. Saa ya ziada ni 3,500. Sherehe ikiwa Kitengela au viungani mwake, safari hailipishwi.

Kwa mji ule, mpango huo unafaa. Bibi harusi anapambwa karibu na kanisa, kanisa liko karibu na ukumbi, na ukumbi wenyewe umekodishwa kwa saa. Ibada ikichelewa, kila mtu anajua muda unakatika. Nusu saa kabla ya kifurushi kuisha, mpiga picha humwendea mtu mmoja aliyeteuliwa na familia, mara nyingi shangazi au msimamizi wa harusi, akamuuliza kama waendelee. Jibu linaandikwa kwenye simu. Kamwe hamuulizi bibi harusi, na naona ni busara: aliyeketi meza kuu hawezi kukataa mbele ya wageni, na deni asilolikubali kwa moyo halilipwi kwa moyo.

Nilifuatana na mpiga picha huyo hadi Entarara, upande wa Loitokitok, Kilimanjaro ikiwa mbele yetu. Kupitia Emali ni zaidi ya kilomita 200. Yeye huhesabu 200 kwenda na 200 kurudi, kila kilomita shilingi 25, yaani 10,000. Gari lake linakwenda kama kilomita kumi kwa lita, kwa hiyo ni lita 40. Kwa shilingi 180 kwa lita, mafuta peke yake ni 7,200. Kinachobaki ni cha tairi na mikwaruzo ya barabara ya vumbi. Anayelipisha mafuta tu anakula gari lake polepole bila kujua.

Malazi ya watu wawili, 4,000, yanawakera wateja kuliko kitu kingine. "Kwani hamwezi kutoka alfajiri?" aliuliza mjomba wa bibi harusi. Hawawezi. Katika harusi ya Kimaasai, binti hubarikiwa na wazee kisha anaondoka kwa baba yake, na desturi inamkataza kugeuka nyuma. Mpiga picha aliyechelewa na kusimama mgongoni mwake hatauona uso ule tena, na hawezi kumwomba arudie. Lazima awe mbele, kamera tayari, kabla binti hajavuka lango la boma. Picha hiyo ndiyo aliyoitiwa, na ni kwa ajili yake analala jirani.

Tatizo la Entarara ni saa. Kazi ilianza saa kumi na mbili asubuhi, ikaisha saa kumi na moja jioni: saa kumi na moja kamili. Katikati yake kulikuwa na mwendo mrefu kutoka boma la bibi harusi hadi kwao bwana harusi, magari yakifuatana taratibu. Je, huo ni muda wa kazi au ni safari? Mpiga picha huuhesabu kama muda wa kazi, kwa kuwa hawezi kufanya jingine, lakini hatozi kilomita zake. Kutoza vyote viwili ni kulipisha jambo moja mara mbili.

Kwa bei ya ukutani, hesabu ingekuwa 35,000, saa tatu za ziada 10,500, safari 10,000 na malazi 4,000. Jumla 59,500. Familia iliyosikia "thelathini na tano" kutoka kwa binamu wa Kitengela ingehisi imeibiwa. Tena saa nane zingekwisha saa nane mchana, wazee wakiwa bado wanazungumza. Nani angewaendea kuuliza habari ya saa ya ziada?

Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, kamati ya harusi hukusanya michango na kupanga bajeti mapema, na fungu la picha na video huwa na tarakimu yake. Nyongeza ya katikati ya sherehe haina mfuko wa kutokea. Naona Entarara iko karibu zaidi na hesabu hiyo kuliko ya Kitengela.

Ndivyo mpiga picha wangu alivyofanya. Alimwuzia mjomba kifurushi cha kutwa kwa 45,000, alfajiri hadi jua kuzama, bila saa za ziada. Safari na malazi, 14,000, vikaandikwa kwenye mstari wake. Jumla 59,000. Sherehe ikifika saa kumi na mbili jioni anapata pungufu kuliko ambavyo angetoza kwa saa, na bei ya kutwa imewekwa akilijua hilo.

Safari na malazi havikuingia kwenye malipo ya nusu kwa nusu. Ujumbe aliomtumia mjomba ulisema: "Mzee, safari na malazi 14,000 zilipwe zote kabla hatujatoka, kwa sababu mafuta tunanunua siku hiyo. Kifurushi, nusu sasa, nusu kabla ya kukabidhi picha. Harusi ikiahirishwa tukiwa tumeshafika, 14,000 hazirudi. Nusu ya kifurushi inahamia tarehe mpya." Mjomba alituma pesa kwa M-Pesa jioni ile ile, kisha akapiga simu kuuliza jambo moja tu: lango la boma linatazama mashariki, je, jua halitawasumbua?