Jambo Tulilolichukua Lisilo Letu



Ilikuwa katika kumi la mwisho la Ramadhani, na mvua za masika zilikuwa zimekwisha kutanda juu ya bonde la Kilombero. Katika kundi la Wasapu linalounganisha misikiti ya hapa Ifakara uliingia ujumbe kwamba kuna bibi mjane, mlezi wa wajukuu watatu, ambaye upepo umeezua upande mmoja wa paa lake. Mwandishi wa ujumbe alitaja Mlabani tu, hakutaja mtaa. Sisi wa kamati ya msikiti ulioko Mlabani tuliliona jina la kata yetu tukaridhika nalo. Kabla ya Isha tulikwisha kuandika: "Jambo hili tumelichukua." Watu wakatushukuru, wakatuombea dua, kisha wakanyamaza.

Ukimya huo ndio uliotufunza somo tunalotaka kuwashirikisha wasomaji wa ukurasa huu.

Kwa siku nne tulifanya kazi. Tulikusanya shilingi 140,000, ndugu mmoja akatoa mabati manane, na fundi akaahidi kuja Jumamosi. Mweka hazina wetu alipokwenda kupima paa, jirani wa yule bibi alimweleza tusiyoyajua. Nyumba ile ilikuwa katika eneo la msikiti mwingine, na kamati ya zaka na sadaka ya msikiti huo ilikuwa imemwandika bibi katika orodha yake tangu Shaabani. Fundi wao alikwisha kupanda juu akakuta mbao zimeliwa na mchwa, nao walikuwa wamenunua mbao mpya ili wajenge paa upya.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tusimalizie tu, maadamu kheri ni kheri. Jibu lilikuwa juu ya paa lenyewe. Sisi tulikusudia kupigilia mabati juu ya mbao zilizooza, na upepo wa kwanza ungeyachukua. Wenye eneo waliijua nyumba ile, walimjua mgonjwa aliyemo ndani, na walijua nani amekwisha kutoa nini. Ilitubidi tuwarudishie.

Hapo ndipo tulipokosea mara ya pili, na kosa hili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Usiku wa kuamkia Idi tuliandika katika kundi lile lile: "Samahanini, nyumba ile si ya eneo letu, wenyewe waendelee." Tukamwambia fundi wetu asije, tukalala tukijiona tumetua mzigo. Asubuhi salamu za Idi zikaufunika ujumbe wetu. Siku ya tatu simu iliita. "Mwanangu, mafundi wanakuja lini?" aliuliza bibi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku mara mbili, na wajukuu walikuwa wanalala kwa jirani. Tulipompigia katibu wa kamati ya pili, alishangaa. Waliposoma kwamba tumelichukua, walimfuta bibi katika orodha yao, na zile mbao wakazipeleka kwa familia nyingine.

Sote tuliosoma madrasa tunaijua fardhi kifaya: wakiitekeleza baadhi, wengine huondokewa na dhima. Kwa kawaida tunaitaja katika mazishi. Lakini tazama upande wake wa pili. Anayesema "tumelichukua" huwafanya wengine wote wakae chini, kwa kuwa wanaamini jambo lina mtu. Ndiyo maana anayetaka kuliacha hatoshelezwi na kusema kwamba ameliacha. Wale aliowakalisha hawainuki mpaka awaendee awainue.

Wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walilieleza hili kwa uwazi katika mlango wa wadia, yaani mali iliyowekwa kwako kwa hifadhi. Mwekewa akitaka kusafiri huirudisha kwa mwenyewe au kwa wakili wake. Asipowapata, humkabidhi hakimu, na asipompata hakimu, humkabidhi mtu mwaminifu. Katika ngazi zote hizo hamna ngazi ya kuiweka mlangoni na kuondoka. Hata usiku wa Hijra, katika mwaka 622, Mtume (s.a.w.) alipokuwa anatoka Makka huku watu wanataka kumuua, Sayyidna Ali (r.a.) alibaki nyuma azirudishe amana za watu kwa wenyewe. Wengi wa wenye amana hizo walikuwa ni hao hao waliompinga.

Basi tulianza upya, safari hii kwa ngazi. Mwenyewe wa jambo alikuwa kamati ya pili, wakili wake ni katibu wao, na lau tusingewapata tungekwenda kwa sheikh wa kata. Hatukuandika katika kundi kwanza. Tulikwenda kwa katibu baada ya Alasiri, tukakaa naye barazani. Tulianza kwa kukiri: "Ndugu Katibu, tuliingia katika eneo lenu bila kuuliza, kosa ni letu." Hatukusema kwamba ujumbe haukuwa wazi, ingawa kweli haukuwa wazi. Mtu anayeombwa kuupokea mzigo akisikia unajitetea, hudhani unamlaumu.

Kisha tukamkabidhi karatasi moja yenye mambo manne: kilichokwisha kufanyika, kilichobaki, kilichoko mkononi, na ahadi aliyopewa bibi. Hilo la mwisho husahaulika upesi. Bibi alikuwa anaisubiri Jumamosi tuliyomwahidi sisi, na anayepokea kazi hupokea na ahadi zake.

Fedha zilihitaji uangalifu zaidi. Waliotoa walitoa kwa ajili ya paa la bibi huyu, hawakutoa kwa ajili ya kamati yetu, kwa hiyo hatukuwa na haki ya kuzibakiza katika sanduku letu. Hata hivyo tuliwapigia simu mmoja mmoja, tukawaeleza kwamba zitapita katika mikono mingine. Wote waliridhia. Shilingi 140,000 na mabati manane vilikabidhiwa mbele ya mashahidi wawili, na pande zote mbili zikatia saini.

Katibu alitujibu kwa uungwana, ila alisema wazi kwamba mbao zimekwenda na kamati yake haitakutana mpaka Ijumaa. Tulitambua kwamba hilo halijawa jibu la kupokea. Tukamwambia: "Mpaka mtakapotuambia mmepokea, bibi yuko mikononi mwetu." Siku hiyo hiyo tulipeleka turubai tukalifunga juu ya chumba cha kulala, na wajukuu wakarudi nyumbani. Ijumaa baada ya swala katibu alisema mbele ya wenzake: "Tumepokea." Ndipo tulipoandika katika kundi, pale pale tulipokuwa tumedai jambo, kwamba sasa liko kwa nani. Jioni tulikwenda naye kwa bibi, ili bibi aione sura ya mtu wa kumpigia simu.

Bibi alitutazama sisi, akamtazama mgeni wetu, akasema, "Kwa hiyo nisikupigie wewe tena, mwanangu?" Tulimwambia apige kokote, ila mwenye kazi ni huyu.

Paa lilikwisha wiki mbili baadaye kuliko ambavyo lingekwisha kama tusingeligusa. Wiki mbili hizo tunazibeba sisi, na tulimwomba bibi radhi kwazo. Sasa katika daftari la katibu, kabla ya neno "tumelichukua", yameandikwa maswali mawili: ni mtaa gani, na nani alikwisha kumtembelea?