Cherehani ya Mjane

Aliponijia alikuwa amemaliza eda yake mwezi uliotangulia. Alikaa barazani na mwanawe mdogo mapajani, akanieleza jambo ambalo sisi tunaosomesha mirathi hulisikia mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Mumewe alifariki akaacha nyumba ya Kiswahili hapa Mombasa, ya zile zijulikanazo kuwa nyumba bila shamba: jengo ni lake, ardhi ni ya mtu mwingine anayelipwa kodi yake. Vyumba vitatu vilikuwa vimepangishwa kwa shilingi 4,000 kila kimoja. Tangu siku ya tatu ya msiba shemeji yake ndiye aliyekuwa akikusanya hizo 12,000, naye alikuwa akimwambia, "Subira shemeji, haya mambo ya familia tutayakalia." Miezi mitano ilikuwa imepita bila ya mtu kuyakalia.

Upande wangu ulikuwa mwepesi. Marehemu ameacha mke, mama, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Kwa mujibu wa Surat an-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, mke hupata thumuni kwa kuwa kuna watoto, mama hupata sudusi, na kinachobaki ni cha watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Mali ikigawanywa mafungu 120, mke ana 15, mama ana 20, kila mtoto wa kiume ana 34, na wa kike ana 17. Ndugu wa marehemu hana hata fungu moja maadamu wana wa kiume wapo. Katika kodi ile ya 12,000, mama wa marehemu alistahiki 2,000, na 10,000 zilikuwa za mjane na wanawe. Nilimwandikia hesabu hiyo katika karatasi, akaipokea kwa adabu, kisha akaniuliza: "Sheikh, na hii karatasi nitampelekea nani?"

Hapo ndipo elimu yangu iliponiishia. Nilijua kwamba mirathi ya Mwislamu huamuliwa katika Mahakama ya Kadhi pale wahusika wote ni Waislamu na wakakubali kuhukumiwa humo. Nilijua pia kwamba asiye na wakili huweza kusimama mwenyewe mbele ya Kadhi. Lakini mwanamke huyu aliuza mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, akabakiwa na kama shilingi 400 kwa siku, na chumba alichokipanga kilimla 3,500 kwa mwezi. Alikuwa ameshamlipa mtu mmoja nje ya mahakama 5,000 za mkopo amwandikie madai, na karatasi aliyopewa haikuwa na jina la mahakama wala orodha ya warithi. Mimi nikafikiria kupitisha mchango msikitini ili tumtafutie wakili.

Aliyenizuia ni binti mmoja niliyemsomesha Juzuu Amma alipokuwa mdogo, ambaye sasa ni msaidizi wa sheria, au paralegali kama wanavyoitwa. Alinifahamisha kwamba nimechanganya milango miwili: mlango wa kupata mtetezi bila malipo, na mlango wa kusamehewa ada za mahakama. Mtu huweza kuingia mmoja asihitaji wa pili. Wengi hukosa yote miwili kwa kuomba kimoja mahali pa kingine. Humwendea karani wa masijala wakimwomba wakili, ilhali karani hana wakili wa kutoa.

Mlango wa mtetezi umewekwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, iliyounda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Anayestahiki ni mtu asiyejiweza anayeishi Kenya, akiwa raia, au mtoto, au mkimbizi, au mtu asiye na uraia wa nchi yoyote, au aliyefurushwa makwao, au aliyesafirishwa kwa njia ya biashara haramu ya binadamu. Umasikini peke yake hautoshi. Hutazamwa pia kama dai lenyewe lina msingi. Yako mambo ambayo sheria hiyo haiyasaidii hata mtu awe fukara kiasi gani, yakiwemo kesi za kodi ya serikali, za kudai madeni, za kufilisika na za kuchafuliwa jina. Nalitaja hili la madeni kwa sababu kina mama wengi huja na shauri la mtu aliyekimbia na pesa za mchezo, wakadhani ni mlango huu. Ndoa, talaka, mirathi na matunzo ya watoto hayamo katika hayo yaliyozuiliwa. Mbali na huduma hiyo ya serikali, yako mashirika yenye ofisi hapa Mombasa: Kituo cha Sheria, na FIDA ambalo ni shirika la mawakili wanawake. Nao hupima kwanza, kwa hiyo mtu aende na kitambulisho, karatasi zake, na maelezo ya kweli kuhusu kipato chake.

Huyo binti mwenyewe hakuwa wakili, na alilisema hilo kabla ya kuulizwa. Msaidizi wa sheria hukueleza sheria, hukusaidia kupanga karatasi, hukupeleka kwa wakili pale inapobidi. Lakini hasimami mahakamani kukutetea kama wakili. Akikwambia kwamba atasimama, au akidai ada ya "kufungua faili", muage kwa salama uende zako.

Kwa mjane wetu alianza na mlango wa pili. Katiba, kifungu cha 48, inataka ada za mahakama ziwe za wastani na zisimzuie mtu kuifikia haki. Njia ya kulitekeleza hilo katika madai ya kawaida imo katika Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai za mwaka 2010, amri ya 33, inayohusu fukara. Fukara hapa ni yule asiyekuwa na uwezo wa kulipa ada ya kufungulia shauri lile. Huombwa ruhusa kwa maandishi, pamoja na yale yale yanayoandikwa katika madai, na chini yake huwekwa orodha ya mali yote ya mwombaji, inayohamishika na isiyohamishika, na thamani ya kila kitu kwa makisio. Kisha mwombaji huthibitisha kuwa ni kweli na kuipeleka mwenyewe, kwani mahakama huweza kumhoji papo hapo.

Orodha hiyo ndiyo iliyonitia aibu. Mjane alikuwa na cherehani ya zamani aliyoachiwa na mamake, ambayo mimi niliikisia shilingi 9,000. Niliogopa Kadhi ataiona akasema, "Uza ulipe ada." Nikamshauri aipeleke kwa dadake Likoni mpaka mambo yatulie, na katika karatasi aandike kwamba hana kitu. Nilidhani namhurumia. Binti akaweka kalamu chini, akasema kwa upole, "Mwalimu, hapo umemfungia mlango." Kanuni zinasema kwamba aliyeondosha mali yake kwa hila ndani ya miezi miwili kabla ya ombi, ili aonekane fukara, ombi lake hukataliwa. Na upande wa pili hupewa taarifa ya ombi na nafasi ya kuleta ushahidi kwamba mwombaji si fukara. Shemeji aliijua ile cherehani; ameiona miaka kumi ikiwa ukumbini. Angesimama akaitaja, na tangu siku hiyo kila neno la mjane lingetiliwa shaka, hata yale ya haki. Isitoshe, ombi likishakataliwa si rahisi kurudi na jingine kama hilo.

Mimi ninayewafundisha watoto amana na ukweli ndiye niliyetaka kumfundisha mjane kuficha. Nililazimika kumwomba radhi mbele ya wote wawili.

Basi iliandikwa cherehani 9,000, simu 3,000, jiko la gesi na vyombo 4,500, akiba ya mchezo 2,000 pamoja na tarehe ambayo zamu yake ingefika. Fungu lake katika nyumba nalo liliandikwa, na mbele yake maelezo kwamba liko mikononi mwa mdaiwa na kodi yake haimfikii. Chini yakaja mapato na matumizi ya mwezi, na ile 5,000 ya mkopo. Viambatisho vilikuwa cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na barua ya chifu inayotaja warithi. Mama mkwe alitajwa miongoni mwa warithi ingawa alikuwa upande wa mwanawe. Mjane alisita hapo. Lakini kumficha mrithi ni dhulma mbele ya Mungu, na mbele ya mahakama ni sababu ya kubatilisha hati ya usimamizi wa mirathi hata baada ya kutolewa. Faili sasa hufunguliwa kwa mtandao wa Idara ya Mahakama na ada hulipwa kupitia eCitizen, kwa hiyo ilimbidi kwanza aende dawati la huduma kwa wateja aelekezwe namna ya kuwasilisha ombi la msamaha kabla ya kudaiwa malipo.

Kadhi alimhoji kwa muda mfupi. Alimuuliza ile cherehani humwingizia nini. Akajibu kwamba hushona sare za madrasa mwezi wa Shawwal, na kwamba akiiuza atalipa ada lakini mwaka ujao hatakuwa na kitu cha kushonea. Ruhusa ikatolewa.

Nisiwafiche kwamba msamaha huo una mipaka. Haulipi nauli ya matatu, wala siku ya mahamri inayopotea kila kesi inapotajwa, wala mthamini wa nyumba pindi akihitajika. Tena si zawadi moja kwa moja: mwombaji akishinda, mahakama huweza kuagiza ada zile zilipwe na aliyeshindwa au zitolewe katika mali iliyogombaniwa, akishindwa, huweza kuamriwa azilipe. Mjane aliambiwa haya yote kabla ya kutia sahihi, akasema afadhali kudaiwa ada kuliko kudaiwa karo huku kodi ya wanawe inaliwa.

Shemeji alikuja na wakili siku ya kutajwa kesi. Hapo ndipo mlango wa kwanza ulipohitajika, kwa kuwa msaada wa mtetezi huweza kuombwa hata shauri likiwa njiani maadamu halijaamuliwa. Wakili aliyepatikana kwa njia hiyo hakuanza na mgawanyo wa nyumba. Aliomba kwanza amri ya kwamba wapangaji wasimlipe mtu yeyote mkononi mpaka shauri limalizike, na kwamba shemeji atoe hesabu ya alizokwisha kupokea. Amri ilitolewa. Nyumba yenyewe bado haijagawanywa; wanangoja kauli ya mwenye ardhi kuhusu kodi iliyolimbikizwa. Cherehani iko pale pale ukumbini, na mwezi uliopita nilimpelekea kanzu yangu aipunguze mikono.