Kikomo cha Fidia si Kufuli la Mlango

Mwaka jana dada yangu alimpelekea dobi mmoja wa hapa Dar es Salaam gauni lake la sherehe. Alilinunua kwa shilingi 240,000, na alikuwa amelivaa mara mbili tu. Liliporudi lilikuwa na alama ya pasi kifuani, upana wa kiganja. Alipodai fidia, kampuni ilimjibu kwa barua fupi: madai yamekataliwa, kwa kuwa sharti la nne nyuma ya stakabadhi lasema kampuni haitalipa zaidi ya mara tano ya ujira wa kufua. Ujira ulikuwa shilingi 12,000.

Ndugu msomaji, isome barua hiyo mara ya pili. Sharti lenyewe halisemi kwamba kampuni haitalipa. Lasema haitalipa zaidi ya kiasi fulani, nacho kwa hesabu ya kampuni yenyewe ni shilingi 60,000. Hivyo basi, hata tukikubali kila neno la sharti lile, halikuwa sababu ya kukataa madai yote. Watu wengi huishia hapo, wakadhani wamefungiwa mlango, kumbe wameonyeshwa dari tu.

Jibu letu la kwanza likawa kudai hizo 60,000. Lakini hapo pana mtego. Mara nyingi mlalamikaji huletewa hati ya kutia sahihi, iliyoandikwa kwamba amepokea malipo kamili na ya mwisho. Akiitia sahihi, salio amelisamehe. Dada alikataa hati hiyo, akaandika kwa mkono wake: "Nimepokea shilingi 60,000, ambazo kampuni inakiri kuwa nastahili. Dai langu la salio bado lipo."

Salio ndilo lililotaka hoja. Tuliuliza kwanza: sharti hili lilimfikia mteja lini? Sharti huwa sehemu ya mapatano iwapo limetangazwa kabla ya mapatano kufungwa, au wakati yanapofungwa. Dada alikabidhi gauni, akalipa, kisha akapewa stakabadhi iliyokunjwa, na ukutani hapakuwa na tangazo lolote. Mtu anayepokea kipande cha karatasi baada ya kulipa hukichukua kuwa ushahidi wa malipo. Hana sababu ya kukigeuza atafute mkataba nyuma yake. Kanuni hii imo katika hukumu za zamani za Uingereza, ambazo mahakama zetu huzizingatia ingawa hazifungwi nazo. Mwaka 1949 mahakama ya huko ilikataa kuikinga hoteli kwa tangazo lililobandikwa chumbani, kwa sababu mgeni alikuwa amekwisha kulipa mapokezini kabla ya kuliona.

Swali la pili ni karani alisema nini. Mwaka 1951, huko huko Uingereza, mwanamke mmoja alipeleka gauni la arusi kwa dobi, akaombwa atie sahihi. Aliuliza kwa nini, akaambiwa kwamba dobi hatawajibika kwa uharibifu wa shanga na puleki. Kumbe karatasi iliondoa wajibu kwa uharibifu wa aina yoyote. Gauni likarudi na doa, na mahakama ikaamua kwamba kampuni haiwezi kujificha nyuma ya karatasi ambayo mtumishi wake aliieleza visivyo. Dada naye alikumbuka kwamba karani alimwambia, "Usiwe na wasiwasi mama, kikiharibika tunalipa." Tuliyaandika maneno hayo, pamoja na siku na saa yaliposemwa.

Haifai kumdanganya msomaji. Kama ungepewa fomu kabla ya kulipa, ukaitia sahihi, na hakuna aliyekueleza vibaya, hoja hizi mbili zingedhoofika sana. Kutokusoma si utetezi. Hapo ungebaki na maneno ya sharti lenyewe. Likiwa lataja kufifia kwa rangi na kusinyaa tu, pasi iliyounguza kitambaa haimo, na neno lenye maana mbili husomwa dhidi ya aliyeliandika.

Wala usidai bei ya gauni jipya kwa gauni lililovaliwa. Dada alidai thamani yake ya siku ile, akaiweka shilingi 200,000, akaambatisha risiti ya ununuzi, picha ya alama ya pasi na nakala ya stakabadhi, mbele na nyuma. Baada ya kutoa zile 60,000, salio likawa 140,000. Barua ilitoa siku kumi na nne, ikasema kwamba baadaye lalamiko litapelekwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, au mahakamani.

Siku ya kumi na moja meneja alipiga simu. Hakulitaja tena sharti la nne. Alibishania thamani tu, akisema gauni lililovaliwa haliwezi kufika bei ile. Walipatana kwa nyongeza ya shilingi 110,000, na safari hii dada akatia sahihi hati ya malipo ya mwisho.