Mwalimu wa Stelingi

Kizazi changu kiliujua msiba wa mwalimu kwanza gizani, kwenye viti vya sinema. Miaka ya sabini pale Tanga, pesa ya Jumamosi ilikuwa ya picha za mapigano kutoka Hongkongi, na tuliingia tukiijua kanuni: stelingi hafi. Anayekufa ni mwalimu wake. Mzee wa ndevu nyeupe akishakaa na kijana, akamrekebisha mkono na kumpa chakula, tulianza kumhurumia mapema. Aliye pembeni yangu angeninong'oneza, "Huyu hamalizi picha," na kweli hamalizi.

Nimefundisha fasihi zaidi ya miaka thelathini, na swali moja limekuwa nami muda wote huo. Kwa nini mzee afe ndipo kijana akue? Jibu tulilozoea kupeana ni kwamba uchungu unampa nguvu. Niliwafundisha wanafunzi wangu hivyo kwa miaka mingi. Sasa naamini nilikosea, na picha iliyopaswa kunionyesha kosa langu nilikuwa nimeiona nikiwa kijana, ila sikuitazama vizuri.

Ni ile ya Bruce Lee ya mwaka 1972, anayoigiza kama Chen Zhen. Kijana anarudi Shanghai na kukuta mwalimu wake, Huo Yuanjia, amekwisha kufa. Mazishini analirukia jeneza kaburini na kulikwaruza kwa mikono, mpaka wenzake wanalazimika kumpiga ili atulie. Baadaye anagundua kwamba mwalimu alitiliwa sumu, na tangu hapo kila anachofanya ni kisasi. Mwisho anaruka kuelekea bunduki zilizoelekezwa kwake. Kanuni yetu ikavunjika: stelingi amekufa. Tulitoka kimya siku ile, na sikumbuki kutoka kimya siku nyingine yoyote.

Uchungu wa Chen Zhen haupungukiwi na kitu. Kama uchungu ndio unaokuza, yeye angekuwa mkubwa kuliko wote. Lakini tangu dakika ya kwanza mpaka ya mwisho hakui, anaungua tu. Mwalimu wake alikufa kabla hadithi haijaanza, na somo lilikuwa limekwisha. Kijana ni mpiganaji kamili tangu anaposhuka safarini. Hakuna jambo alilokuwa katikati ya kujifunza, wala uamuzi aliokuwa akiusubiri kwa mzee. Kifo kilimnyang'anya mtu aliyempenda, hakikumnyang'anya mtu wa kumuuliza. Picha ile haikukusudia ukuaji, ilikusudia heshima iliyokanyagwa, na kwa hilo ni picha kubwa. Ila inaonyesha wazi kwamba msiba peke yake hauzai mtu mzima.

Sasa tuitazame hadithi ambamo kifo cha mwalimu kinafanya kazi. Niliiona baadaye kwenye kanda ya video, nikiwa na wanangu: Star Wars ya George Lucas, ya mwaka 1977. Wengi wanaikumbuka kwa vyombo vyake vya angani. Mimi naikumbuka kwa mzee Obi-Wan Kenobi na muda mfupi aliopewa kufundisha.

Kijana Luke anaondoka nyumbani baada ya mjomba na shangazi waliomlea kuuawa. Msiba huo unamtoa mlangoni tu. Anatoka akiwa bado mtoto, anamfuata mzee kwa sababu hana pengine pa kwenda. Ndani ya chombo mzee anampa somo moja. Anamvisha kofia yenye kifuniko kinachoziba macho, kisha anamwambia azuie miale inayorushwa na kijipira kinachoelea hewani. Kijana analalamika kwamba haoni. Anajaribu, anakosea, anajaribu tena, anafanikiwa mara chache. Somo linaishia hapo kwa sababu safari inakatizwa. Ni nusu ya somo, na unusu huo una maana. Amepewa mbinu, ameonja mara chache kwamba inawezekana, lakini bado haiamini bila mzee kusimama karibu.

Ndipo mzee anakufa. Anapambana na adui, Vader, anamwona Luke akitazama kwa mbali, anatabasamu, anainua upanga wake na kuacha apigwe. Kinachobaki sakafuni ni joho. Luke anapiga kelele na kufyatua risasi ovyo, kama Chen Zhen hasa. Hadithi ingeweza kumwacha hapo kwenye hasira. Badala yake inamkalisha chomboni, ameinamisha kichwa, binti Leia anamfunika blanketi, na kabla hajamaliza kulia anaitwa kwenye bunduki kwa sababu adui amewafikia.

Matunda ya kifo hicho yanaonekana mwishoni. Luke anaendesha ndege yake ndani ya mfereji mwembamba, anatakiwa kutumbukiza kombora kwenye tundu dogo, na mbele yake kuna mashine ya kulenga shabaha. Mwenzake amekwisha kuitumia na kukosa. Sauti ya marehemu inamjia, inamkumbusha lile somo. Anaizima mashine. Kituoni wanamuuliza kama kuna hitilafu, naye anajibu kwamba hakuna. Kifo cha mzee kilipangwa ili kufika kwenye jibu hilo. Kijana anaacha kifaa ambacho kila mtu anakiamini, na hana mtu wa kumthibitishia kwamba amefanya sawa.

Mtu atasema kwamba sauti ilimthibitishia. Isikilizeni vizuri. Inamwambia aamini alichofundishwa, basi. Haimwambii afyatue lini, wala haimjibu swali. Marehemu anaweza kukumbusha, hawezi kujibu, na hiyo ndiyo tofauti yake na mzee aliye hai kwenye kiti cha nyuma. Obi-Wan angekuwa hai katika ndege ile, kijana angegeuka kumuuliza, na sisi watazamaji tungemlaumu kama asingeuliza. Mwenye akili haachi kumuuliza anayejua.

Katika maandishi ya awali ya filamu hiyo mzee hakufa. Lucas alibadilisha hilo kazi ya kupiga picha ikiwa imekwisha kuanza, mwaka 1976, na mwigizaji wake, Alec Guinness, hakufurahi mwanzoni. Sababu alizozieleza Lucas ni za fundi: baada ya kutoroka kwenye ngome ya adui mzee alibaki amesimama tu bila kazi, na kutoroka kwenyewe kulikuwa kwepesi mno, hakukuwa na gharama. Nimelitafakari sana hilo la kusimama bila kazi. Mwalimu aliyekwisha kufundisha akiendelea kusimama pale pale, anaziba mahali ambapo mwanafunzi angesimama.

Wagiriki wa kale walilijua hili bila kumwaga damu. Katika utenzi wa Homeri juu ya safari za Odiseo, kijana Telemako anasindikizwa na mzee aitwaye Mentori, jina ambalo lugha za Ulaya zimelifanya kuwa neno la mlezi. Kumbe ni mungu wa kike Athena aliyejigeuza. Walipofika Pilo kijana aliona haya kuzungumza na mzee Nesta, Mentori akamtia moyo. Usiku ule ule Athena akaruka kama ndege na kutoweka. Safari ya kwenda Sparta Telemako aliifanya na kijana mwenzake, na haja yake mbele ya mfalme Menelao akaieleza kwa kinywa chake. Hakuna aliyekufa. Aliondoka tu anayejibu.

Nilipofundisha uandishi wa insha za kubuni, kosa nililolikuta mara nyingi lilikuwa lile lile. Mzee anakufa ukurasa wa kwanza, kijana analia aya nzima, ukurasa wa mwisho anamshinda adui. Nikimuuliza mwandishi kijana alijifunza nini kwa mzee, hajui. Nikaanza kuandika swali moja pembeni kwa wino mwekundu: "Alitaka kumuuliza nini?" Mwanafunzi akiweza kulijibu, hadithi ilikuwa hai. Asipoweza, mzee yule alikufa bure.

Mimi mwenyewe nililijibu swali hilo nikiwa na miaka ishirini na sita. Mwalimu mkuu aliyenipokea kazini alinikabidhi ratiba ya vipindi, na kila muhula niliipeleka nyumbani kwake jioni aipitie. Alikuwa akinyoosha kidole mahali pamoja, haongei, mpaka nione kosa. Alifariki katikati ya likizo. Wiki ya kufungua shule nilikaa na karatasi ile usiku kucha, nikimtafuta wa kunyoosha kidole. Jumatatu madarasa mawili yalikutana mlango mmoja, wanafunzi themanini wakigombea chumba. Nililirekebisha kosa pale pale ubaoni, chaki mkononi. Kilichonishtua kilikuja baadaye. Walimu walionizidi umri walianza kuja kwenye meza yangu na maswali yao. Maswali yalikuwa yamegeuka njia, yananijia mimi, na hapo ndipo nilipojua kwamba mzee ameondoka kweli.

Sisi wa kizazi hiki tumeona pia mwalimu akiondoka akiwa hai. Nyerere alituletea neno kung'atuka kutoka Kizanaki, na mwaka 1985 akaacha urais. Lakini alibaki mwenyekiti wa chama mpaka 1990, na hata mwaka 1995, katika kumpata mgombea wa urais, neno lake lilikuwa zito kuliko la wengi waliokuwa madarakani. Siandiki haya kumlaumu. Ni sisi tuliokwenda kumuuliza. Nchi haiwezi kumfanyia mzee wake vile mtunzi anavyofanya, wala haipaswi, kwa hiyo ng'atuko la mtu aliye hai linachukua miaka, na nusu ya kazi yake iko kwa wale wanaopaswa kuacha kubisha hodi. Mtunzi hana miaka hiyo. Ana kurasa mia mbili, au saa mbili za picha, na kifo kinamfungia mlango kwa sentensi moja.

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mwalimu, alinipigia simu. Alikuwa akiandika hadithi ya nahodha mzee na mjukuu wake, na alitaka kujua kama nahodha afe dhoruba ya kwanza au ya pili. Miaka ile ningemjibu. Nilifungua kinywa kumjibu, kwa kweli, kisha nikamuuliza kijana alitaka kumuuliza babu yake nini. Akanyamaza kidogo, akasema, "Asante mwalimu, nitakupigia tena." Miezi ikapita, hakupiga, na nakiri nilikuwa nikiitazama simu.

Juzi hadithi imenifikia, imekamilika. Nahodha hakufa dhoruba yoyote. Amepatwa na kiharusi, ulimi umekufa na mkono mmoja pia. Asubuhi wanamlaza upenuni, na kutoka kwenye kitanda cha kamba anaona jahazi lake linasukumwa majini. Mjukuu anatweka tanga. Kamba moja haikukaa sawa, mzee anaiona, na kijana, mkono ukiwa bado kwenye kamba, anageuka kutazama upenuni.