Rauta haikumtaja mtu

Kwa wale wasioijua kazi yangu: mimi ni Mkongomani wa Kivu ya Kusini, naishi Tororo, na mara mbili kwa wiki napanda taksi kwenda Busia, upande wa Uganda, kuangalia mitambo ya kituo kimoja cha jamii. Kituo chenyewe sitakitaja. Kina kompyuta chache, printa moja, na waifai ambayo watu hutumia kutafuta habari za ndugu zao, kusoma ujumbe wa ofisi za wakimbizi, na kuongea na watoto waliobaki kambini. Busia ni mji mmoja uliokatwa na mpaka. Asubuhi mtu yuko Kenya kununua unga, mchana yuko Uganda anachaji simu. Hivyo waifai yetu inapokea simu za kila aina, na kila simu inaacha alama.

Alama hizo ziko kwenye logi, yaani daftari la rauta. Mwezi mmoja uliopita daftari hilo nusura limfukuzishe kijana wa watu. Nataka kueleza lilivyosomwa vibaya na linavyosomwa vizuri, maana najua vituo vingi vina rauta kama yetu na kamati kama yetu.

Habari ilikuwa hivi. Jumamosi kamati ilibadilisha paswadi ya waifai. Jumatatu katibu, mama mmoja makini sana, alifungua logi akakuta kifaa kimoja kimejaribu kuingia usiku kucha. Akachapisha kurasa nne. Akapiga mstari chini ya neno `authenticated` na saa 23:14. Mlinzi akasema ndiyo, saa tano na robo usiku yule kijana anayengoja karatasi zake alikuwa barazani na simu mkononi. Basi, maneno yakaisha. Kijana ameiba mtandao. Wengine walitaka azuiwe kituoni, mwingine akataja polisi. Mtu anayengoja kuhojiwa kuhusu hifadhi yake, jina lake likifika polisi kwa wizi, si jambo dogo. Wasomaji wa kambini mnanielewa.

Nilipofika nikaomba tusome pamoja. Rauta yetu inatumia OpenWrt. Ukiingia ndani yake, amri ni hii:

```
logread | grep -e hostapd -e dnsmasq-dhcp
```

`hostapd` ndiye bawabu wa waifai, na `dnsmasq-dhcp` ndiye anayegawa anwani. Simu iliyoingia salama huacha mistari kama hii (tarakimu za katikati nimezificha kwa xx, na sababu nitaisema mbele):

```
STA da:xx:xx:xx:42:9b IEEE 802.11: authenticated
STA da:xx:xx:xx:42:9b IEEE 802.11: associated (aid 2)
AP-STA-CONNECTED da:xx:xx:xx:42:9b
STA da:xx:xx:xx:42:9b WPA: pairwise key handshake completed (RSN)
DHCPACK(br-lan) 192.168.1.117 da:xx:xx:xx:42:9b
```

Fikiria milango mitatu. Mistari miwili ya kwanza ni mlango wa nje: simu imepiga hodi, rauta imeitika. Hapa ndipo katibu wetu alipotelezea, na simlaumu, kwa sababu neno lenyewe linadanganya. `authenticated` linasikika kama "amethibitishwa", lakini kwenye waifai ya paswadi kama yetu hatua hiyo ni salamu tu. Paswadi bado haijaulizwa. Hata anayepita barabarani bila kujua herufi moja ya paswadi anaweza kupata neno hilo.

Mlango wa pili ndio wa paswadi. Aliyepita anaandikiwa `AP-STA-CONNECTED` na ule mstari wa `handshake completed`. Mlango wa tatu ni anwani: `DHCPACK` maana yake kifaa kimepewa namba yake na sasa kinaweza kutumia mtandao.

Sasa tazama karatasi za katibu:

```
23:14:07 STA a4:xx:xx:xx:1c:07 IEEE 802.11: authenticated
23:14:07 STA a4:xx:xx:xx:1c:07 IEEE 802.11: associated (aid 1)
23:14:08 AP-STA-POSSIBLE-PSK-MISMATCH a4:xx:xx:xx:1c:07
23:14:12 STA a4:xx:xx:xx:1c:07 IEEE 802.11: deauthenticated
```

Hakuna `CONNECTED`. Hakuna `DHCPACK`. Mstari wa tatu unasema paswadi huenda hailingani, na wa nne unasema kifaa kimetolewa nje. Rauta inasema "huenda" kwa sababu paswadi yenyewe haipiti hewani. Inaona tu kwamba hesabu ya kifaa haifanani na hesabu yake. Nikamwambia mama katibu, "Mama, huyu hakuiba kitu. Hakuingia hata mara moja." Mwenyekiti akajibu haraka, "Lakini alikuwa anajaribu kuvunja!"

Swali zuri. Anayebahatisha paswadi na kifaa chenye paswadi ya zamani wote wanaandikiwa mstari uleule. Kinachowatofautisha ni mwendo wao. Tukahesabu saa za mistari. Kifaa kilikuja kila baada ya dakika mbili hivi, usiku wote, bila kupumzika, na kilikuwa kinaendelea hata asubuhi tulipokuwa tumekaa pale. Mtu huchoka, huenda haja, hulala. Na mistari hiyo ilianza Jumamosi mchana, dakika chache baada ya paswadi kubadilishwa. Hicho si kitu kinachotafuta paswadi. Ni kitu kinachoijua ya jana na hakuna aliyekiambia ya leo.

Halafu suala la saa. OpenWrt isipopangwa hufuata saa ya UTC, na sisi Uganda na Kenya tuko mbele kwa masaa matatu. Kwa hiyo 23:14 ya rauta ni 02:14 ya simu yako, na kwa Kiswahili ni saa nane na dakika kumi na nne usiku. Mlinzi alipoulizwa tena alisema kijana aliondoka mvua ilipokatika, kabla ya saa sita. Ushahidi wake ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa wa saa nyingine.

Kuna kitu kingine ambacho watu wachache wanakitazama: tarakimu ya pili ya anwani ya kifaa, ile inayoitwa MAC. Simu za kisasa, Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14, kwa kawaida hazitoi anwani zilizopewa kiwandani. Zinajitungia anwani ya bandia kwa kila waifai. Utaijua ya bandia kwa tarakimu hiyo ya pili: ikiwa ni 2, 6, a au e, imetungwa. `da` ni simu iliyojificha. `a4` siyo: hiyo ni anwani ya kiwandani, na vifaa vinavyokaa mahali pamoja, kama televisheni, kamera na printa, kwa kawaida hutumia hiyo. Simu ya kijana tuliiomba kwa adabu, akaifungua mwenyewe. Anwani yake ilianza kwa `6e`. Haikuwa hiyo.

Nikaenda kwenye printa, nikaipindua. Chini yake kuna kibandiko, na kwenye kibandiko imeandikwa MAC. Nikamwita mama katibu asome yeye kwa sauti, na mimi nikafuata kwenye karatasi yake. Jozi sita zote zililingana, mpaka `1c:07`. Printa ilikuwa na paswadi ya zamani. Hakuna aliyegundua kwa sababu kompyuta ya ofisi imeungwa nayo kwa waya, kwa hiyo kuchapisha kuliendelea kama kawaida. Hata zile kurasa nne za mashtaka, printa ndiyo iliyozichapisha!

Watu walicheka, ila kijana hakucheka. Mwenyekiti alimwomba radhi mbele ya wote, na kwenye kumbukumbu za kamati yakaandikwa yaliyotokea ili jina lake lisibaki na doa. Kisha tukaiwekea printa paswadi mpya, na mistari ya `MISMATCH` ikakoma palepale. Huo ndio uthibitisho wa mwisho: ukiondoa sababu, mstari nao hutoweka.

Msije mkadhani kila kushindwa ni paswadi. Siku ya kuandikishwa watu wengi, simu hupita mlango wa pili halafu zinakwama, zinazunguka bila mtandao. Hapo tafuta `no address available` kwenye mstari wa `DHCPDISCOVER`. Kwa mpangilio wa kawaida OpenWrt ina anwani 150 za kugawa, na kila moja inashikwa masaa 12. Aliyekuja asubuhi akaenda zake Kenya bado ameshika anwani yake mpaka usiku. Dawa yake ni kupunguza muda, kwa mfano saa moja, wala si kubadilisha paswadi.

Na daftari hili lina mipaka. Linakaa kwenye kumbukumbu ya muda: umeme ukikatika, limefutika lote. Likijaa, mistari mipya inafuta ya zamani. Rauta nyingi hazina betri ya saa, kwa hiyo baada ya kuwaka zinaandika tarehe ya uongo mpaka zipate mtandao na kujirekebisha. Simu iliyo mbali isiyosikia rauta haiandikwi kabisa. Na hakuna mstari hata mmoja unaosema ni nani aliyeshika kifaa.

Hata hivyo linasema ya kutosha kumdhuru mtu. Baadhi ya simu zinatuma jina zinapoomba anwani, na mwenye simu huenda aliliandika jina lake mwenyewe. Wiki hiyohiyo mwanaume mmoja alinivuta pembeni, "Ndugu yangu, niangalizie tu kama simu ya mke wangu ilikuwa hapa Alhamisi." Nilimjibu kwamba logi ni ya kutengeneza mitambo, si ya kulinda wake. Ndiyo maana hapa nimeficha tarakimu. Uganda na Kenya zote zilipitisha sheria za kulinda data za watu mwaka 2019, kwa hiyo ukivuka mpaka huwi huru kumwaga siri za wenzako. Kwa wafanyakazi wa mashirika wanaosoma hapa: kituo chenu kikiwa na rauta, andikeni ni nani anayeruhusiwa kufungua logi na kwa sababu gani, na msiichapishe.

Kwetu sasa wanaruhusiwa wawili, mimi na mama katibu. Saa ya rauta imewekwa ya Afrika Mashariki. Kando ya rauta kuna daftari la karatasi lenye anwani za vifaa vya kituo peke yake: kompyuta tano, printa, na televisheni. Mstari mgeni ukitokea, tunaanza na daftari hilo kabla ya kumtazama mtu yeyote usoni.