Soketi zenye matundu ya USB: kurasa za daftari la fundi umeme

Tanga, Jumatatu 10 Februari 2025

Nimeshinda Raskazone, kwenye nyumba ya wageni iliyo upande wa bahari. Baada ya salamu mama mwenye nyumba akaanza moja kwa moja: "Fundi, soketi za USB zinanitia aibu. Mgeni anaingia saa moja jioni, anachomeka simu yake na ya mkewe, saa tatu wanataka kutoka na simu bado haijafika nusu."

Soketi zenyewe ni zile pacha za plagi ya pini tatu bapa, katikati zina matundu mawili ya USB. Nilizima sakiti breka, nikapima kuhakikisha umeme umeondoka, nikaitoa moja ukutani nisome nyuma yake. Imeandikwa 5V 2.1A. Hizo ni wati kumi na nusu, tena ni za matundu yote mawili kwa pamoja. Watu huona matundu mawili wakadhani wamenunua chaja mbili, kumbe wamenunua moja yenye midomo miwili.

Niliirudisha, nikawasha, nikachomeka kile kipimo kidogo cha USB. Simu moja peke yake ilipata volti 5.0 na ampea 1.9. Nilipoongeza ya pili, volti zikashuka hadi 4.7 na kila simu ikabaki na ampea moja hivi. Betri ya simu ya sasa yenye mAh 5000 inabeba karibu wati-saa 19. Kwa wati tano zisizotimia, ukitoa kinachopotelea kwenye joto, inahitaji karibu saa tano kujaa. Ikichaji peke yake, saa mbili na nusu. Chaja ya mgeni, aliyoiacha kwenye begi kwa kuwa ukutani kuna tundu, imeandikwa wati 33.

Kwa hiyo soketi si mbovu. Inatoa ilichoandikiwa. Nilimweleza mama kwamba chaja ya kasi na simu hukubaliana kwanza kupitia nyaya za ndani ya kebo, kisha chaja inapandisha volti hadi 9 au zaidi. Tundu hili linajua volti 5 tu, halina cha kukubaliana. Hata lingekuwa na umbo la USB-C lisingebadilika kitu, maana umbo la tundu halisemi wati. Zinazosema ni namba zilizoandikwa nyuma ya soketi, na mnunuzi hazioni tena soketi ikishafungwa.

Jumatano 12 Februari

Leo zile zilizokufa kabisa. Kuna vyumba ambavyo plagi ya kawaida inafanya kazi vizuri, pasi inawaka, ila USB haitoi kitu. Zote ziko ghorofa ya juu, ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la alasiri.

Nilifungua moja mezani. Ndani kuna kibao kidogo cha saketi chenye kazi ileile ya chaja: kinapokea volti 230 za ukutani, kinazigeuza kuwa umeme mnyoofu, kinazikatakata kwa kasi kupitia transfoma ndogo na kutoa volti 5. Kapasita kubwa ya upande wa umeme mkubwa ilikuwa imevimba kichwani. Imeandikwa 10 µF, 400V. Nilihakikisha haina chaji, nikaipima: haikufika 4. Kipinga cha kinga kilichotangulia mbele yake kilikuwa kimekatika.

Kapasita za aina hii zina majimaji ndani, na joto huyakausha. Mafundi wa elektroniki wana kanuni ya kukadiria: kila joto likipanda nyuzi 10, umri wake unapungua kwa nusu. Sasa fikiria chaja iliyofungiwa ndani ya ukuta wenye jua, haina hewa, na kwenye soketi nyingi za namna hii kibao hakipiti kwenye swichi ya plagi. Ukizima swichi, plagi inakufa, lakini kibao kinabaki na umeme usiku na mchana, mgeni awepo asiwepo. Kijana ninayefanya naye kazi hakuliamini hilo mpaka alipoona kipimo kinasoma volti 5 na swichi zote mbili zimezimwa. Nimemsisitizia: kabla ya kugusa soketi hii, sakiti breka izimwe na upime, usitegemee swichi ya usoni.

Halafu kuna maboksi. Waliojenga waliweka maboksi ya chuma ya milimita 25, yanayotosha kabisa kwa soketi ya kawaida. Soketi ya USB ina mgongo mnene. Nyaya zilisukumwa zikabanwa dhidi ya kibao, na kwenye moja ganda la waya limeanza kubadilika rangi. Hapa panahitaji boksi la milimita 35 au fremu ya kuinua soketi kutoka ukutani.

Jumamosi 15 Februari

Ghorofa ya chini joto si tatizo sana, ila chumvi na mikono. Chumba kilicho karibu na mlango wa baharini, pini za ndani ya matundu zimeota kutu ya kijani. Kingine tundu limelegea: kebo ikiguswa simu inaacha kuchaji, ikisukumwa inaanza tena. Kipimo kinaonyesha wazi, ampea zinaruka kutoka moja hadi sifuri. Nilijaribu kebo nyingine kwanza, kwa sababu mara nyingi kosa ni la kebo. Zote zikaruka vilevile, basi ni tundu.

Dalili nyingine ninazotaka kijana azijue kwa masikio na vidole: mlio mwembamba kama wa mbu wakati hakuna kilichochomekwa, uso wa soketi wenye moto hata simu haichaji, skrini ya simu inayojigusa yenyewe ikiwa kwenye chaji. Hiyo ya mwisho hutokea kapasita za upande wa volti 5 zinapochoka, umeme unatoka na mawimbi. Ikitoa harufu ya kuungua, sakiti breka izimwe saa hiyohiyo na soketi iondolewe, hata kama plagi bado inafanya kazi.

Jumatano 19 Februari

Mama anaongeza vyumba vitatu nyuma, na nyaya zake lazima zipimwe kabla ya kuwashwa. Nimeagiza soketi za USB zifungwe mwisho kabisa, baada ya mega. Mega inasukuma volti 500 za umeme mnyoofu. Kapasita ya ndani imeandikwa 400. Ukipima kati ya waya wa moto na nyutro soketi zikiwa zimeshafungwa, unapata kipimo cha uongo kinachofanana na waya mbovu, na unaweza kuua vibao vyote vya nyumba mpya kwa mara moja.

Jumatatu 24 Februari

Tumekubaliana. Kila chumba kitakuwa na soketi moja tu ya USB, kando ya kitanda, kwenye boksi la milimita 35, na kamwe si kwenye ukuta wa magharibi. Nyingine zote zitakuwa soketi za kawaida, ambazo zitadumu miaka mingi baada ya vibao kuchoka. Mama aliuliza kama kibao kikifa kinaweza kubadilishwa peke yake. Kwa aina alizonazo, hapana, inatoka soketi nzima, hivyo amekubali kununua chache za akiba za aina ileile ili zisitofautiane ukutani. Mapokezi kutakuwa na chaja mbili za wati 33 za kuazimisha wageni wenye haraka.