Giza la Saa Nne Usiku: Barua ya Wakazi wa Kihesa

Sisi tulioupokea uhuru tukiwa watoto tumelifahamu giza la Kihesa tangu siku ambazo mahali hapa palikuwa mashamba ya mahindi yenye nyumba chache, na barabara ya Dodoma ikipita katikati ikiwa ya vumbi. Aliyetoka usiku alitoka na wenzake, mwenye tochi akitangulia, na mama aliyeshikwa na uchungu alisindikizwa na nyumba tatu nzima huku karabai ikitangulizwa mbele. Hatukuwa na nguzo ya kuilalamikia. Ulifika hata wakati ambapo hatukuwa na baraza la kuliandikia, maana mwaka 1972, katika mpango wa madaraka mikoani, serikali ilizivunja halmashauri, na shida za mtaa zikawa zinasubiri kwenye meza za mkoa pamoja na shida nyingine zote. Halmashauri za miji zilianza kurudi mwaka 1978, kisha sheria za mwaka 1982 zikaziweka kwenye misingi tunayoijua leo. Ndiyo maana wazee wa rika letu huliona dirisha la masjala kwa jicho tofauti na vijana. Tulikaa miaka bila dirisha hilo, na tunajua thamani ya barua inayogongwa muhuri wa kupokelewa.

Umeme nao tuliusubiri kwa uvumilivu. Kituo cha Kidatu kilianza kuzalisha mwaka 1975, na cha Mtera, kilichopo kwenye barabara hii hii inayotoka Kihesa kwenda Dodoma, kikafuata mwaka 1988. Mvua zilipogoma na bwawa likapungua, tulipewa mgao tukauvumilia, kwa kuwa sababu yake ilionekana kwa macho. Giza tunaloliandikia sasa ni la namna nyingine. Nguzo imesimama, taa ipo juu, fedha za umma zimekwisha kulipwa, na chini yake mtu anapapasa njia. Tena giza lenye viraka lina hatari kuliko giza tupu la enzi zetu. Anayetembea kwenye giza la mfululizo macho yake hulizoea baada ya muda, akaona ukingo wa njia. Dereva wa bodaboda anayetoka chini ya taa kali na kuingia penye nguzo tatu zilizokufa hupofuka kwa muda mfupi, na muda huo unamtosha kumgonga mwanafunzi anayevuka au kutumbukia kwenye mtaro usio na mfuniko. Mwezi wa Juni jua letu huzama kama saa 12 na nusu jioni na hukawia kuchomoza hadi karibu saa 1 asubuhi, kwa hiyo mama anayeondoka nyumbani saa 11 alfajiri kuwahi mboga sokoni anatembea gizani safari yake yote.

Vijana wa mtaa walituletea barua yao tuitie sahihi. Ilikuwa ya heshima na yenye uchungu wa kweli, lakini ilisema tu kwamba taa nyingi ni mbovu na wananchi wanaomba msaada. Tukawaambia, wanangu, barua ya namna hii hujibiwa kwa maneno, kwa sababu haimpi fundi mahali pa kuanzia. Twendeni tukaone. Tulichukua kipande kimoja chenye nguzo tisa, kutoka barabara kuu kuingia kwenye makazi. Saa 1 na nusu jioni tulikuta taa mbili tu hazijawaka, na kama tungeishia hapo tungeandika mbili. Tuliporudi saa 4 usiku, nyingine nne zilikuwa zimezimika. Hapo vijana wakaelewa kwa nini kila mkaguzi aliyepita mchana aliona nguzo zimenyooka na kila aliyepita jioni aliona mwanga. Taa za mtaa lazima zikaguliwe saa zile zinapohitajiwa.

Zile nne zilikuwa za sola, na taa ya sola inayowaka vizuri jioni kisha ikafifia na kuzima baada ya saa chache haina ubaya wa taa. Mara nyingi ama betri imechoka haitunzi tena chaji, ama paneli haipati jua la kutosha. Asubuhi yake tulizitazama: tatu paneli zao zilikuwa wazi, kwa hiyo tukaandika kwamba betri zipimwe, ya nne ilikuwa imefunikwa na tawi la mti uliokua tangu nguzo ipandwe, na hiyo inahitaji panga kabla ya kuhitaji fedha. Kati ya zile mbili zisizowaka kabisa, moja kiboksi chake cha betri kilikuwa kimevunjwa na hakina kitu ndani, ikaandikwa kuwa ni wizi, na nakala ikaandaliwa kwa ajili ya polisi. Ya mwisho haikuonyesha dalili yoyote, tukaandika hivyo hivyo bila kubahatisha. Kwa mitaa yenye taa za umeme wa TANESCO tuliwaachia vijana dalili nyingine. Mstari mzima ukizima kwa pamoja, tatizo hutafutwa kwenye boksi la kuwashia au kwenye waya, siyo kwenye balbu. Taa ya zamani ya mwanga wa chungwa inayowaka, ikazima, ikapoa na kuwaka tena, balbu yake imefika mwisho. Inayowaka mchana kutwa, kihisi mwanga chake kimeharibika.

Barua iliyotokana na matembezi hayo ina ukurasa mmoja wa maneno na mmoja wa orodha: namba ya nguzo kuanzia barabara kuu, nyumba au duka lililo jirani, saa iliyokaguliwa, na dalili. Imepita kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, ikapita kwa mtendaji wa kata, ndipo ikaelekezwa kwa mkurugenzi, na nakala kwa diwani. Nakala nyingine imekwenda TARURA, ambayo tangu mwaka 2017 ndiyo inayosimamia barabara za mijini na vijijini, huku barabara kuu zikiwa za TANROADS. Mwananchi asiyejua nguzo imesimama kwenye barabara ya nani huzungushwa mwaka mzima, na wala hakuna anayemdanganya. Tumeipeleka kabla ya Januari, kwa sababu mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na mapendekezo ya bajeti hujadiliwa miezi kadhaa kabla. Ombi linalofika Agosti hukuta mafungu yamekwisha kugawanywa.

Kwa waheshimiwa madiwani na wataalamu, sisi wazee tunasema kwa utulivu. Hatuombi nguzo mpya. Mradi unapokwisha, mkandarasi hukaa kipindi cha matazamio kisha huondoka, na kuanzia siku hiyo taa huishi kwa fungu la matengenezo au hufa. Betri ina umri unaojulikana tangu siku inaponunuliwa, basi mbadala wake upangiwe fedha mapema. Tunaomba fungu hilo liandikwe kwa jina lake kwenye bajeti, na afisa mmoja apewe kazi ya kuzipita taa usiku kila robo mwaka, kabla baraza halijakaa. Na kwenu vijana: orodha hiyo sasa ni mali yenu. Irudieni kila baada ya miezi mitatu, saa 4 usiku, mkiwa kundi kama tulivyotembea sisi, na kila nguzo iliyotengenezwa muiandike kuwa imetengenezwa, ili halmashauri nayo ione kwamba Kihesa inahesabu kazi iliyofanyika sawasawa na ile iliyobaki.